Maombi ya Amri ya Kuzuia Mali: Ruvu Juu Ujenzi Limited dhidi ya Kilwa Nondo Limited na Mwingine

MAHAKAMA KUU YA TANZANIA
DIVISHENI YA BIASHARA
DAR ES SALAAM

MAOMBI MADOGO YATOKANAYO NA SHAURI LA BIASHARA LA MWAKA 2024

RUVU JUU UJENZI LIMITED – Muombaji
dhidi ya
KILWA NONDO LIMITED – Mjibu Maombi wa Kwanza
HAMADI SELEMANI MTORO – Mjibu Maombi wa Pili

WITO WA CHEMBA
(Chini ya kifungu cha 2(3) cha Sura ya 358; vifungu vya 68(e) na 95 na Amri ya XXXVII kanuni za 1 na 4 za Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, Marejeo ya 2019)

Muombaji anaiomba Mahakama hii tukufu, kwanza kwa kusikiliza upande mmoja, itoe amri zifuatazo hadi maombi haya yatakaposikilizwa pande zote:

(a) Mjibu Maombi wa Kwanza asiuze, asihamishe, asiweke rehani wala kupunguza thamani ya mali zake zilizopo Tanzania, zikiwemo fedha za akaunti zake mbili katika Benki ya CRDB na malori mawili aina ya Scania yaliyoorodheshwa katika kielelezo KL-7, kwa kiasi kisichozidi shilingi 748,000,000.

(b) Mjibu Maombi wa Pili azuiwe vivyo hivyo, ikiwemo kuhusu nyumba ya Mikocheni iliyoelezwa katika kielelezo KL-6, kwa kiasi kisichozidi shilingi 400,000,000. Kiasi hiki kihesabiwe ndani ya kile cha aya (a), kisiongezwe juu yake.

(c) Ndani ya siku 7 baada ya kupokea amri, kila mmoja awasilishe kiapo kinachotaja mali zake zote, mahali zilipo, thamani yake na nani ana haki juu yake.

(d) Amri isimzuie Mjibu Maombi wa Kwanza kulipa mishahara, kodi na gharama za kawaida za biashara. Wala isimzuie yeyote kati yao kulipia wakili. Mjibu Maombi wa Pili aruhusiwe shilingi 6,000,000 kwa mwezi kwa matumizi ya nyumbani.

(e) Maombi yasikilizwe pande zote ndani ya siku 14. Baada ya hapo Muombaji ataomba amri iendelee kwa muda usiozidi miezi 6.

Maombi haya yanaungwa mkono na kiapo cha Konsolata Anthony Luambano.

KIAPO

Mimi, KONSOLATA ANTHONY LUAMBANO, mtu mzima, Mkristo, mkazi wa Dar es Salaam, naapa na kueleza kama ifuatavyo:

1. Mimi ni mkurugenzi mtendaji wa Muombaji na nimeidhinishwa na bodi kutoa kiapo hiki (KL-1). Ninayoyaeleza nayajua mwenyewe, isipokuwa pale ninapotaja aliyenieleza.

2. Tarehe 4 Septemba 2023 Muombaji aliingia mkataba na Mjibu Maombi wa Kwanza wa kununua tani 600 za nondo kutoka Uturuki kwa shilingi 1,900,000 kwa tani, jumla shilingi 1,140,000,000 (KL-2). Siku hiyohiyo Mjibu Maombi wa Pili, ambaye ndiye mkurugenzi wake, alisaini udhamini binafsi.

3. Muombaji alilipa shilingi 684,000,000 tarehe 8 Septemba 2023 na shilingi 456,000,000 tarehe 24 Novemba 2023. Hati za benki ni KL-3.

4. Kati ya tarehe 1 na 5 Desemba 2023 tulipokea tani 180 tu, zenye thamani ya shilingi 342,000,000. Tani 420 zilizobaki, za shilingi 798,000,000, hazijafika mpaka leo.

5. Tarehe 14 Desemba nilikwenda mwenyewe kwenye yadi ya Mjibu Maombi wa Kwanza, Buguruni. Nilikuta malori ya watu wengine yakipakia nondo zenye lebo ya mzigo wetu. Msimamizi wa yadi aliniambia zimeuzwa. Picha nilizopiga ni KL-4.

6. Tarehe 9 Januari 2024 tulirejeshewa shilingi 50,000,000. Deni ninalodai kwa niaba ya Muombaji kwa hiyo ni shilingi 748,000,000. Barua yetu ya madai ya tarehe 22 Januari haikujibiwa kwa maandishi rasmi.

Sababu za kuhofia mali kuhamishwa

7. Tarehe 26 Januari 2024 Mjibu Maombi wa Pili aliniandikia kwa WhatsApp: "Nenda mahakamani. Mahakama itanikuta sina kitu." Mazungumzo yote, si sentensi hiyo peke yake, ni KL-5.

8. Upekuzi wa BRELA tuliofanya tarehe 12 Februari ulionyesha kwamba tarehe 29 Januari, siku tatu baada ya ujumbe huo, Mjibu Maombi wa Pili alimhamishia ndugu yake robo tatu ya hisa zake katika kampuni.

9. Upekuzi katika ofisi ya ardhi tarehe 15 Februari ulionyesha kwamba nyumba ya Mikocheni bado ni ya Mjibu Maombi wa Pili. Dalali mmoja ameitangaza kwa shilingi 420,000,000, akiandika "bei ya haraka, mwenye nyumba anasafiri". Tangazo na nakala ya upekuzi ni KL-6.

10. Kampuni ilikuwa na malori matano. Kumbukumbu za usajili zinaonyesha matatu yalihamishwa tarehe 2 Februari kwenda kwa kampuni nyingine. Yamebaki mawili (KL-7).

11. Aliyekuwa mhasibu wa Mjibu Maombi wa Kwanza amenieleza, na naamini ni kweli, kwamba tarehe 6 Februari dola 110,000 zilitumwa Dubai kutoka akaunti ya dola ya kampuni. Kiapo chake kimeambatishwa kama KL-8.

Mambo yanayotupinga, ambayo Mahakama inapaswa kuyajua

12. Ninajua kwamba wajibu maombi hawapo kujitetea leo. Nimemuuliza wakili wangu wangesema nini kama wangekuwepo, nami nimepekua upya mafaili na simu yangu kutafuta kila kinachoweza kuwasaidia. Matokeo ni haya.

13. Tulichelewa kulipa. Taarifa ya kufika kwa meli tuliipata tarehe 27 Oktoba 2023, na mkataba ulitupa siku 7 za kulipa awamu ya pili. Tulilipa tarehe 24 Novemba, siku 21 baada ya muda kwisha. Kifungu cha 9 cha mkataba kinamruhusu muuzaji kuuza mzigo kwa mtu mwingine mnunuzi akichelewa zaidi ya siku 14. Kwa maneno mengine, huenda Mjibu Maombi wa Kwanza alikuwa na haki ya kuuza zile tani 420. Kifungu hichohicho kinamtaka arejeshe fedha ndani ya siku 30, naye alipokea awamu ya pili bila kulalamika. Hata hivyo siwezi kuiambia Mahakama kwamba kuuza kwenyewe kulikuwa wizi, na sisemi hivyo.

14. Kifungu cha 14 kinasema migogoro iende kwanza kwa usuluhishi. Tarehe 30 Januari tuliandika kumtaka Mjibu Maombi wa Kwanza ateue msuluhishi, hakujibu. Tumefungua shauri tukijua kwamba anaweza kuomba lisimamishwe kwa sababu hiyo.

15. Udhamini binafsi wa Mjibu Maombi wa Pili una kikomo cha shilingi 400,000,000. Ndiyo sababu hatuombi zaidi ya hapo dhidi yake.

16. Mjibu Maombi wa Kwanza ametuletea ankara ya shilingi 61,000,000 za gharama za bandari na hifadhi, anazodai zilitokana na kuchelewa kwetu. Tunaipinga kwa kuwa haina risiti hata moja. Mahakama ikiikubali, deni litashuka hadi shilingi 687,000,000.

17. Kwa mdomo Mjibu Maombi wa Pili alinieleza mara kadhaa kwamba kilichomkwamisha ni uhaba wa dola. Uhaba huo wa mwaka 2023 ulikuwa wa kweli. Hata sisi ulitutesa kwenye manunuzi mengine. Anaweza pia kusema fedha zilizokwenda Dubai zilikuwa malipo ya kawaida kwa muuzaji wake wa huko. Sina hati inayothibitisha zilikwenda kwa nani.

18. Mhasibu wa aya ya 11 aliachishwa kazi Januari 2024 na anadai mishahara ya miezi miwili. Ana kinyongo, na ushahidi wake upimwe hivyo. Hatujamlipa chochote.

19. Ujumbe wa aya ya 7 ulikuja baada ya mimi kumwandikia maneno makali usiku uliotangulia, ambayo yamo katika KL-5. Inawezekana alijibu kwa hasira tu. Ningeuchukulia hivyo kama hisa na malori visingehama katika wiki iliyofuata.

20. Nyumba ya Mikocheni ina rehani ya benki, na salio la mkopo silijui. Mke wa Mjibu Maombi wa Pili na watoto wanaishi humo, hivyo mke anaweza kuwa na haki yake kama nyumba ya familia. Hatuombi mtu yeyote atolewe.

21. Nilijua nondo zimeuzwa tangu tarehe 14 Desemba, na nimekuja mahakamani miezi miwili baadaye. Hadi Januari nilikuwa nikisubiri marejesho. Zile shilingi 50,000,000 zilinipa matumaini. Dalili za kuhamisha mali nilizipata Februari.

22. Mjibu Maombi wa Pili ni shemeji wa mkurugenzi mwenzangu. Wana mgogoro wa shamba la urithi Kilwa ambao hauhusiani na shauri hili, ila unaweza kudaiwa kuwa ndio chanzo cha maombi haya.

Ahadi ya fidia

23. Muombaji anaahidi kuwalipa wajibu maombi, na mtu mwingine yeyote atakayeathirika, hasara ambayo Mahakama itaona imesababishwa na amri hii. Muombaji mwenyewe ana mkopo wa benki wa shilingi 310,000,000, kwa hiyo ahadi tupu isingetosha. Dhamana ya benki ya shilingi 80,000,000 imeambatishwa kama KL-9.

24. Nikigundua jambo lolote jipya, liwe la kutusaidia au la kutuumiza, nitalileta mahakamani bila kungoja kuulizwa. Taarifa zitakazotolewa na wajibu maombi chini ya amri hii hazitatumika katika shauri jingine bila ruhusa ya Mahakama.

UTHIBITISHO

Yaliyoelezwa katika aya za 1 hadi 10 na 12 hadi 24 ni ya kweli kwa ufahamu wangu mwenyewe, isipokuwa maneno ya msimamizi katika aya ya 5, niliyoyapata kwake. Yale ya aya ya 11 nimeelezwa na mhasibu aliyetajwa na naamini ni ya kweli.

Konsolata Anthony Luambano
MUAPAJI

Ameapa mbele yangu, Dar es Salaam, tarehe 21 Februari 2024, baada ya kutambulishwa kwangu na Baraka Mwakyoma, ninayemfahamu binafsi.
Kamishna wa Viapo

HATI YA DHARURA

Mimi, Baraka Mwakyoma, wakili wa Muombaji, nathibitisha kuwa maombi haya ni ya dharura. Nyumba iko sokoni, na taarifa ikitangulia amri, kinachoombwa kulindwa kinaweza kuwa kimeshauzwa kabla ya siku ya kusikilizwa. Kanuni ya 4 inaruhusu kutotoa taarifa katika hali kama hii.

Nitaiomba Mahakama ipime maombi kwa vigezo vitatu vya Atilio dhidi ya Mbowe (1969), pamoja na masharti ya amri ya Mareva kama yalivyopangwa Uingereza katika Third Chandris (1979), la kwanza likiwa ni muombaji kufichua yote anayoyajua. Nakubali kwamba amri hii haimpi Muombaji kipaumbele mbele ya wadai wengine wala haki yoyote juu ya mali yenyewe. Inazuia tu mali isitoweke. Nakubali pia kwamba, kwa mujibu wa Brink's Mat dhidi ya Elcombe (1988), jambo zito lililofichwa linaweza kuivunja amri hata kama madai yenyewe yana msingi. Mambo mazito zaidi kwa upande wetu ni aya za 13 na 14 za kiapo, na nitaanza kuieleza Mahakama kwa hizo.

Baraka Mwakyoma
Wakili wa Muombaji
Dar es Salaam, 21 Februari 2024

Nakala ya kuwapatia wajibu maombi, pamoja na vielelezo vyote na kumbukumbu ya yatakayosemwa kwenye usikilizwaji wa upande mmoja, mara tu amri itakapotolewa.