Maelezo kwa wafugaji kabla ya chanjo ya ng'ombe, joshoni, Igunga

Shikamooni wazee wangu. Akina mama na vijana mnaolala na mifugo Wembere, hamjambo.

Alhamisi hii tunaanza saa 12 asubuhi. Ng'ombe watachomwa chanjo ya homa ya mapafu. Wiki 2 baadaye, mwanzoni mwa Oktoba, watarudi kwa kimeta na chambavu. Tunawahi kwa sababu mvua za huku huanza Novemba, na mwili wa ng'ombe unahitaji wiki 2 hadi 3 kujenga kinga. Chambavu na kimeta hukaa ardhini miaka mingi, mvua zikifika na majani mafupi yakiota, ng'ombe huyala pamoja na udongo. Ukisubiri mpaka ndama aanze kuchechemea na paja kuvimba, chanjo haimsaidii tena. Chambavu hupenda ndama walionona wa miezi 6 hadi miaka 2, yaani wale unaowategemea.

Jambo la kwanza ninalowaomba kwa moyo wote: kuanzia leo msichome oksitetrasaiklini wala tailosini kwa ng'ombe atakayechanjwa. Chanjo ya homa ya mapafu na ya kimeta ni vimelea hai waliopunguzwa makali. Ile dawa ya njano inawaua kabla hawajaufundisha mwili, na wewe utaondoka ukiamini ng'ombe wako ana kinga. Kama umeshachoma wiki hii, njoo unieleze, tutampangia siku yake. Mgonjwa na aliyekonda sana naye tunamwacha mpaka apone.

Sasa ubaridi, maana hapa ndipo chanjo nyingi hufia. Chupa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 kuanzia wilayani hadi kwenye sindano. Iliyopata joto haibadiliki rangi wala harufu, kwa macho hutaitambua. Na msidhani barafu nyingi ndiyo usalama. Chanjo ya chambavu ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka haifai. Ndiyo maana vipande vya barafu vikitoka kwenye friza tunavianika kwanza kivulini mpaka vitoe jasho na ukivitikisa usikie maji yakicheza ndani. Kisha chupa zinafungwa gazeti zisigusane na barafu. Boksi la ubaridi litakaa chini ya mkwaju, kivuli kikihama linahama. Hakuna kuweka soda wala maji ya kunywa humo, kwa sababu kila mfuniko ukifunguliwa joto linaingia.

Chupa ya homa ya mapafu ina unga wa dozi 100. Tunauchanganya na mililita 100 za maji yake maalumu, yaliyopoa pia, na kila ng'ombe anapata mililita 1 chini ya ngozi. Ikishachanganywa lazima iishe ndani ya saa 1, inayobaki inaharibiwa. Kwa hiyo sitafungua chupa wakati ng'ombe 30 wako zizini na 70 wako njiani. Wapangane kwanza. Mabomba yatachemshwa dakika 20 na kupoa, bila spiriti, kwa sababu spiriti huua chanjo hai. Kila ng'ombe sindano yake, maana damu inayobaki kwenye sindano hubeba ndigana baridi.

Ndama chini ya miezi 6 wabaki nyumbani. Ng'ombe akivimba palipochomwa, usipasue wala usikande, niite.

Kuhusu daftari, wapo wanaoniambia "ng'ombe wangu nawajua wote". Ni kweli, lakini mwanao hatawajua, na mnunuzi mnadani hawajui kabisa. Kila kaya ije na daftari na mtu mmoja wa kuandika akiwa mlangoni mwa kibanio, siyo jioni kwa kukumbuka. Mstari mmoja unasomeka hivi: tarehe, namba ya hereni, jike, miaka 3, mwekundu mwenye baka jeupe begani, homa ya mapafu, namba ya toleo iliyo kwenye lebo, tarehe ya kurudia mwakani. Asiye na hereni andika chapa yake na rangi. Namba ya toleo msiiruke, tatizo likitokea ndiyo inayotuonyesha waliochomwa chupa hiyo ni wa nani. Aliyechomwa atapakwa rangi mgongoni asichomwe mara mbili, lakini rangi hufutika kwa mvua.

Andikeni pia wasiochanjwa. Kaya yenye ng'ombe 63 iseme: 57 wamechanjwa, 4 ni ndama wadogo, 2 wako Wembere. Hao 2 wakirudi wakiwa na kikohozi, tutajua pa kuanzia.

Mbuzi na kondoo tutawapangia siku yao ya sotoka. Kuku wa kideri ni tone 1 jichoni, na hurudiwa kila miezi 3.

Alhamisi njooni na kamba 2 kwa kila kaya. Mwenye ng'ombe zaidi ya 100 abaki nami sasa tupange saa yake.