Yah: Ombi la nafasi ya msimamizi wa ghala, Tanga mjini

Ndugu Afisa Ajira,

Salaam. Nashukuru kwa simu ya jana. Mtandao ulikatika kabla sijakujibu kwa nini nahama kutoka mkonge baada ya miaka 27, nami sasa nina miaka 54. Jibu langu ni hili.

Sehemu ya kazi niliyoipenda zaidi ni ile ya mwisho, singa ikishatoka kwenye mashine ya korona, ikaanikwa, ikapigwa brashi na kufungwa belo. Miaka 12 nilisimamia hapo, katika shamba moja wilayani Muheza. Belo moja ni kilo 250, na kila moja niliiandika daraja, uzito, tarehe na mahali ilipopangwa. Stoo na leja zilipaswa kusema neno moja.

Masika moja tulikuwa tupakie belo 80 alfajiri. Nilipenyeza mkono katikati ya belo iliyoegemea ukuta: nje kavu, ndani vuguvugu na harufu ya uvundo. Lori lilikuwa limeshawashwa, dereva ananung'unika. Nikasimamisha upakiaji, tukakagua safu yote ya ukutani. Belo 9 zilikuwa na unyevu. Tulizifungua tukaanika singa upya, na lori likaondoka na 71 nzima. Siku hiyohiyo nilipanga stoo upya, belo zikae juu ya mbao, na kati yake na ukuta ibaki nafasi ya mtu kupita na kukagua. Mpaka naondoka, utaratibu huo ulikuwa ukifuatwa.

Kazi hiyo ndiyo nataka kuifanya sasa kwa mizigo ya kila aina. Zamani meli kubwa Tanga zilishushia nangani, mzigo ukaletwa na matishari. Tangu bandari ichimbwe hadi kina cha mita 13 zinafunga gatini, na mzigo unaoshuka kwa kasi unahitaji ghala lenye hesabu safi. Nataka kuwa sehemu ya kazi hiyo, hapa nyumbani.

Foko sijawahi kuendesha, na nyaraka za forodha nitazisoma kuanzia mwanzo. Kompyuta nimeisomea jioni kwa miezi mitatu; leja yangu ya mfano ya Excel nimeiambatisha, uone ninavyofuatilia kinachoingia na kinachotoka.

Kikosi changu kilikuwa na watu 16. Watatu niliowafundisha sasa wanasimamia zamu, na mmoja wao ndiye aliyekuwa bosi wangu mwaka wa mwisho. Tulifanya kazi vizuri sana; yeye ni mdhamini wangu wa kwanza kwenye fomu, na amekubali kupigiwa.

Mshahara ulioutaja naukubali. Ningependa tukutane ghalani kwenyewe, nilione linavyopangwa kabla ya usaili. Jumanne au Alhamisi asubuhi nina nafasi. Kutoka Ngamiani ni mwendo mfupi.

Wako katika kazi,
Rehema Mhina