Thibitisho lililozimwa na mvua

Vijana wa tuisheni ya Uyole, Jumamosi mvua ilipiga bati mpaka waliokaa nyuma wakawa wanasoma midomo yangu, halafu umeme ukakatika nikiwa nusu ya ubao. Thibitisho la kanuni mbili za derivativu, ya kujumlisha na ya kuzidisha kwa namba isiyobadilika, hili hapa, zima. Linakilini kwenye daftari kabla ya kipindi kijacho.

Tunaanza na maana ya derivativu, na hatutumii kitu kingine:

f′(x) = lim(h→0) [f(x+h) − f(x)] / h

Tukisema f ina derivativu kwenye x, tunasema limiti hiyo ipo na ni namba halisi inayoeleweka. Shikeni neno "ipo", nitalirudia.

Kujumlisha. Chukua f na g, zote mbili zina derivativu kwenye x. Iite jumla yao S, yaani S(x) = f(x) + g(x). Weka S kwenye maana yetu:

[S(x+h) − S(x)] / h = [(f(x+h) + g(x+h)) − (f(x) + g(x))] / h

Hapa ndipo nilipoona daftari tatu zimeandika − f(x) + g(x) bila mabano. Alama ya kutoa inawagusa wote wawili. Ukidondosha mabano, g(x) inaongezwa badala ya kutolewa, na hakuna ujanja utakaokuokoa huko mbele. Fungua mabano vizuri, kisha mrudishe kila mmoja kwa ndugu yake, f kwa f na g kwa g:

= [f(x+h) − f(x)] / h + [g(x+h) − g(x)] / h

Mpaka hapa ni aljebra tupu, limiti bado hatujaigusa. Sasa acha h iende sifuri. Kipande cha kwanza kinakwenda f′(x), cha pili g′(x), na limiti ya jumla ni jumla ya limiti. Kwa hiyo S′(x) = f′(x) + g′(x).

Binti mmoja aliniuliza, "Mwalimu, nani katuruhusu kugawa limiti?" Swali zuri kuliko thibitisho lenyewe. Ruhusa inatokana na lile neno "ipo". Viite vipande viwili A na B, na limiti zake L na M. Mtu akikupa epsiloni yoyote kubwa kuliko sifuri, igawe nusu kwa nusu. Kuna delta ya kwanza inayohakikisha |A − L| < ε/2, na delta ya pili inayohakikisha |B − M| < ε/2. Chukua delta iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Kwa kila h isiyo sifuri iliyo ndani yake,

|(A + B) − (L + M)| ≤ |A − L| + |B − M| < ε

Kama L au M haipo, hoja hii haina pa kuanzia. Lakini msiseme kwamba jumla nayo lazima ikose derivativu. Jaribuni |x| na −|x| kwenye 0: hakuna hata moja yenye derivativu pale, ila jumla yao ni 0 kila mahali, na derivativu yake ni 0.

Kuzidisha kwa namba isiyobadilika. Hii ni fupi. Iwe K(x) = c·f(x):

[c·f(x+h) − c·f(x)] / h = c · [f(x+h) − f(x)] / h

c haina h ndani yake, kwa hiyo inatoka nje ya limiti na K′(x) = c·f′(x). Kwa epsiloni, tumia ε/|c|. C ikiwa 0 usigawanye, maana K ni sifuri tupu na jibu ni 0. Angalizo: c·f(x) siyo f(cx). Hiyo ni habari nyingine kabisa.

Sasa simtanki la pale nje. Tuseme ndani ya dakika t mfereji wa paa umeingiza lita t², kwa kuwa mvua inazidi, na bomba limeingiza lita 5t. Kwenye dakika ya 10:

[(10+h)² + 5(10+h) − 100 − 50] / h = (20h + h² + 5h) / h = 25 + h

h ikienda sifuri tunapata lita 25 kwa dakika: 20 za mfereji, 5 za bomba, kila mmoja na mchango wake. Ukipima kwa ndoo za lita 20, c ni 1/20, na kasi ni ndoo 1.25 kwa dakika.

Zoezi: thibitisheni kanuni ya kutoa, f − g, bila kurudia epsiloni. Kanuni mbili za leo zinatosha. Tafuteni c inayofaa. Na mje na masweta, kile kioo cha dirisha bado hakijawekwa.