Jibu: CV yangu mliyosema inabaki kwenye faili

Kamwene dada Upendo, poleni na baridi, huku Makambako leo asubuhi upepo ulikuwa unakata masikio nikajiuliza kama huku ni hivi basi huko Njombe mjini mnaingia kazini na mablanketi.

Imeili yako ya jana nimeipata na nimeielewa, nafasi ya msimamizi wa ubora wa parachichi imepata mtu na CV yangu inabaki kwenye faili. Sawa kabisa. Siulizi aliyepata ni nani wala kanizidi wapi, mmetuona wote mkachagua, mpeni hongera zangu maana msimu ukifunguliwa usingizi atausikia kwa jirani. Na nashukuru umejibu, kuna sehemu niliomba mwaka juzi hadi leo sijui kama bahasha ilifunguliwa au walifungia maandazi.

Nilitaka niandike "asante nimepokea" niishie hapo. Ila kama mnaitunza hiyo CV basi mtunze iliyo sahihi, ile mliyonayo imeshapitwa. Pale inasema mimi ni mkaguzi wa zamu kwenye ghala la viazi, kuanzia tarehe 1 mwezi huu nimepewa mapokezi yote, yaani gari likiingia getini mpaka gunia linapolala kwenye chaga mimi ndo naulizwa, na nina watu 9 chini yangu. Namba ya simu pia nimebadilisha, ile ya zamani laini imeungua. Nimeambatanisha mpya, ile nyingine futeni tu. Alafu siku ile ulinisainisha karatasi ya ruhusa ya kutunza taarifa zangu kwa ajili ya ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwenye muda nikaacha wazi kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwahi kosta. Andika mpaka Desemba mwakani. Baada ya hapo kama hakuna kitu itoeni, mtu akiitwa kwa CV ya miaka mitatu nyuma anakuwa ni mtu mwingine.

Sasa hiki kingine ni cha meneja uzalishaji, naomba umpelekee kama atakuwa na dakika tano, asipokuwa nazo pia hamna shida.

Siku ya intavyuu aliniuliza swali moja ambalo nililijibu vibaya na nadhani yeye aliona kabla mimi sijamaliza sentensi. Alisema hivi, fuso imefika saa kumi na moja jioni, mzigo wa mkulima mmoja, parachichi zote ni Hass, sampuli za kwanza zinasoma drai mata, yaani kile kinachobaki maji yakishakauka, asilimia 21, zinazofuata asilimia 25, na mstari wenu wa kupokea ni kuanzia 23, unafanyaje? Mimi nikajibu haraka haraka kama mwanajeshi, narudisha gari. Akaandika kitu kwenye karatasi akaenda swali lingine. Nimetembea na lile swali mpaka stendi, na kwenye kosta nimekaa nalo, maana kwenye viazi hilo jibu lingepita, viazi vya shamba moja vilivyochimbwa siku moja vinafanana, tabu yetu kubwa ni uozo na lumbesa (na hiyo lumbesa Wakala wa Vipimo wanapiga kelele kila mwaka, gunia bado linakuja na kichwa juu kama limevaa kilemba). Parachichi si hivyo. Mti mmoja unatoa maua kwa awamu, kwa hiyo mti huo huo una tunda lililokomaa na lingine ambalo bado lina wiki kadhaa, na yote kwa macho ni ya kijani na saizi ni ile ile.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Wanging'ombe kwa mjomba, ana miti yake kama 60 ya Hass, nikamwomba nichume 20 tu, kumi kutoka miti ya juu kwenye kilima na kumi za bondeni kule baridi inakolala. Shangazi ana maikrowevu, mizani nilibeba yangu ile ndogo ya kupimia mbegu. Unamenya ganda jembamba, unatoa kokwa pamoja na kile kigozi chake cha kahawia maana kikibaki kinaharibu hesabu, unakata vipande vyembamba vyembamba kama karatasi, unapima gramu 10 kwenye sahani, unaweka moto mdogo, unatoa unapima, unarudisha, unatoa unapima, mpaka uzito ukigoma kushuka. Ukibaki na gramu 2.3 basi hiyo ni asilimia 23. Sahani ya kwanza niliweka moto mkubwa kwa kujua sana, ikatoka na kingo nyeusi na mizani ikasoma 1.9, nikataka kushangilia kwamba nimekamata tunda changa, kumbe nimeunguza. Kikishaungua unapoteza na mafuta na kila kitu, si maji peke yake, namba inashuka ya uongo. Kwa hiyo hata hapo mlangoni kwenu mtu wa zamu akiwa na haraka anaweza kumkatalia mkulima mzigo mzuri kwa sababu ya kitufe cha moto tu. Hilo mimi sikulijua siku ile.

Za kilimani zilikuja nyingi kati ya 24 na 26. Za bondeni nne zilikuwa chini ya 22, zilizobaki zimepita. Mkulima mmoja, siku moja, mikono yangu mwenyewe ndo iliyochuma. Picha za daftari ziko kwenye kiambatanisho cha pili, samahani kwa mwandiko, mkono ulikuwa una mafuta.

Kwa hiyo jibu langu la leo kwa lile swali ni hili. Gari halirudi kwanza, na halishushwi ovyo pia. Namuuliza mkulima au dereva kreti zimepakiwa kwa mpangilio gani, za kipande kipi cha shamba ziko wapi, mara nyingi wanajua kwa sababu waliochuma walianzia upande mmoja. Nazitenga kwa kipande, napima tena tunda moja moja bila kuchanganya nyama za matunda tofauti kwenye sahani moja, maana ukichanganya 21 na 25 utapata 23 na utasema mzigo umepita wakati nusu yake itafika Ulaya baada ya mwezi na ushee baharini ikiwa ngumu kama mpira, inanyauka badala ya kuiva, na lawama inarudi kwenu na jina la Njombe lote. Kipande kilichopita kinaingia usiku huo huo kwenye koldrumu, joto la shambani halisubiri asubuhi. Kilichogoma kinarudi kwa mkulima na karatasi yenye namba na tarehe ya kuja kupima tena, na anaambiwa kwa upole kwamba bondeni aache kwanza. Hapo umemkosesha nusu gari lakini hujampoteza, wiki kadhaa mbele anakuleteeni nyie na si yule wa kuchuma usiku kwa tochi. Ningekagua na vikonyo palepale, mtu akiwa anang'oa kwa mkono badala ya kukata kwa mkasi tunda linaachwa na kidonda juu na uozo unaingilia hapo hapo, ila hilo meneja hakuuliza nisije nikaonekana najibu mtihani wa mwenzangu.

Jibu hili silileti ili mbadilishe maamuzi, nafasi imeshajazwa na haki yake aliyepata. Nimeleta kwa sababu swali lilikuwa zuri na sikupenda libaki kwenye faili na lile jibu la kwanza.

Nikueleze na upande wangu ulivyo ili usije ukahangaika kupiga simu ya bure siku nafasi ikitokea. Mimi hapa ghalani nipo vizuri, sina ugomvi na mtu na mshahara unatoka tarehe yake. Parachichi naitaka kwa sababu naona viazi nimeshavijua na huko kwenu bado kuna kitu cha kujifunza, si kwamba nakimbia moto. Nafasi ya usimamizi wa ubora au ya mapokezi ya mzigo naijia, hata kama ni mkataba wa msimu mmoja tu nitaangalia, ilimradi ni wa kuandikwa na muda wake unajulikana. Kibarua cha kuchambua kwa siku hapana, nakiheshimu, nimekifanya miaka miwili nikiwa chuo, ila kwa sasa nyumba yangu haiwezi kukibeba. Hapa nalipwa kwa mwezi kwa hiyo notisi yangu ni siku 28 na lazima niitumikie, bosi wangu kanifundisha kazi siwezi kumwacha getini na magari yamepanga foleni. Maana yake mkinihitaji wiki ya kwanza ya msimu niambieni mwezi na kitu kabla.

Mi ntakuandikia mara moja tu tena, msimu ukiisha, nikiwa na cheti cha ile kozi ya usalama wa chakula ninayosoma jumamosi, ili muongeze kwenye faili. Katikati hapo sitakusumbua kuuliza "vipi dada kuna chochote", najua msimu ulivyo, simu zinaita mpaka chooni. Hii pia haihitaji jibu, ukiona viambatanisho vimefunguka vizuri inatosha. Ila kama meneja ataona kuna mahali nimepima vibaya, hilo ningependa anirekebishe hata kwa mstari mmoja, hasa zile sampuli namba 13 na 14 za bondeni ambazo zilitoka kwenye tawi moja na moja ikasoma 20.8 nyingine 24.1, nimerudia mara mbili kwa tunda lile lile na sijaelewa kama ni tofauti ya umri wa ua au kuna kitu nakosea kwenye kukata.

Msalimie yule mama wa mapokezi aliyenipa chai, mwambie mdalasini niliuona na nyumbani wameiga.

Wako,
Festo
Makambako

Nb: namba mpya ipo juu kabisa kwenye CV, ni ile inayoishia na 43. Saa za mchana huwa nipo kwenye mizani na sisikii simu, jioni baada ya saa kumi na mbili napatikana.