Kupanga Miadi Kliniki kwa Simu: Mazungumzo ya Mazoezi

Bi Rehema anataka kumwona daktari. Anapiga simu mapokezi. Someni wawili wawili kwa sauti, kisha badilishaneni nafasi.

MAPOKEZI: Kliniki, habari za asubuhi?

REHEMA: Nzuri. Naomba kupanga miadi ya kumwona daktari.

MAPOKEZI: Karibu, mama. Umewahi kutibiwa hapa kwetu?

REHEMA: Ndiyo, mwaka jana.

MAPOKEZI: Naomba majina yako matatu.

REHEMA: Rehema Salum Bakari.

MAPOKEZI: Salim?

REHEMA: Hapana, Salum. S, A, L, U, M.

MAPOKEZI: Na tarehe ya kuzaliwa?

REHEMA: Tarehe 3 mwezi wa tano, 1971.

MAPOKEZI: Haya, faili lako nimeliona. Namba ya simu ni ileile inayoishia 417?

REHEMA: Ile niliipoteza. Andika hii ninayopigia sasa.

MAPOKEZI: Sawa, nimeibadilisha. Unasumbuliwa na nini, mama?

REHEMA: Nasikia kiu sana. Usiku naamka mara tatu, mara nne, kwenda haja ndogo. Halafu mwili umechoka tu.

MAPOKEZI: Pole. Ilianza lini?

REHEMA: Kama wiki mbili zilizopita.

MAPOKEZI: Unatapika? Unapumua kwa shida?

REHEMA: Hapana, hayo sina.

MAPOKEZI: Yakianza, usingoje siku ya miadi, njoo hapohapo. Kesho daktari amejaa. Jumatano kuna nafasi mbili: saa mbili na nusu asubuhi na saa tisa alasiri.

REHEMA: Nipe ya saa tisa. Asubuhi niko kazini.

MAPOKEZI: Ngoja kidogo. Kwa dalili hizi, daktari huenda akataka upimwe sukari ukiwa hujala. Ukija saa tisa, utashinda na njaa.

REHEMA: Basi nipe ya asubuhi, nitaomba ruhusa. Nisile kuanzia saa ngapi?

MAPOKEZI: Inatakiwa upitishe angalau saa nane bila kula. Jumanne maliza chakula cha usiku kabla ya saa nne. Baada ya hapo ni maji matupu. Hata chai ya rangi usinywe.

REHEMA: Na dawa zangu za presha?

MAPOKEZI: Hilo nisikujibu kwa kubahatisha. Usikate simu, nimuulize muuguzi… Mama, bado upo? Anasema meza kama kawaida, kwa maji. Na uje nazo zikiwa kwenye pakiti zake.

REHEMA: Nifike saa mbili na nusu kamili?

MAPOKEZI: Fika saa mbili na robo, kwa sababu utaanza kupimwa presha na uzito. Ujumbe utakaokuja kwenye simu yako utaandikwa 08:30. Ndiyo hiyo saa mbili na nusu.

REHEMA: Nikipata dharura je?

MAPOKEZI: Tupigie siku moja kabla, tutakuhamishia siku nyingine. Ukichelewa zaidi ya robo saa, anaingia mwingine, nawe utasubiri hadi mwisho.

REHEMA: Ngoja nirudie. Jumatano tarehe 14, nifike saa mbili na robo, nisile baada ya saa nne usiku, nije na dawa.

MAPOKEZI: Hivyohivyo.

REHEMA: Asante, mwanangu.

MAPOKEZI: Karibu, mama. Ugua pole.

Kuhusu lugha

Wanafunzi wengi hukosea saa kuliko kitu kingine chochote, na kosa hilo humfikisha mtu kliniki mlango umeshafungwa. Kati ya 07:00 na 18:00, toa 6 kwenye saa ya skrini: 08:30 ni saa mbili na nusu, 15:00 ni saa tisa. Jihadhari pia na "saa nane". "Njoo saa nane" ni wakati, yaani 14:00. "Pitisha saa nane bila kula" ni muda. Ndiyo maana mhudumu hakuishia kwenye muda, alitaja na saa ya kumaliza kula.

Angalia "nifike", "nije" na "nisile". Kitenzi kinaishia na -e kwa sababu mtu anauliza la kufanya au anakubali agizo. Ukisema "ninafika saa mbili" unatoa taarifa, huulizi. Kitenzi "kula" hupoteza ku- hapa: ni "nile" na "nisile".

"Kusikia kiu" si kwa masikio. Njaa, kiu, baridi na maumivu husikiwa vilevile.

Zoezi

Rudieni mazungumzo, lakini sasa nafasi zilizobaki ni Alhamisi 07:45 na 16:00, na mgonjwa anaumwa sikio. Mhudumu akosee jina mara moja, mgonjwa amsahihishe kwa kutaja herufi. Ni lazima upimaji wa kufunga kula utajwe? Kwa sikio, hapana. Kwa hiyo mgonjwa ana uhuru wa kuchagua alasiri.