Chai na vidonge vyako vya kuongeza damu

Mama Zuhura,

Shikamoo. Juzi ulipokuja dirishani kulikuwa na foleni, nikakujibu kwa haraka kuliko ulivyostahili. Uliniuliza kama vidonge vile ni feki, maana umevimeza miezi miwili bila kukosa na damu imepanda kutoka 8.9 hadi 9.2 tu. Nimekagua: pakiti zako hazijapita muda wake, na kila kidonge kina fero salfeti miligramu 200, ambazo ndani yake mna takriban miligramu 65 za chuma chenyewe. Kiasi hicho kinatosha. Kilichonishtua ni ulichosema ukiwa unaondoka, kwamba unavimeza kwa chai asubuhi kwa sababu maji matupu yanakutia kichefuchefu.

Majani ya chai yana tanini, kile kinachokaza ulimi na kuacha doa kwenye kikombe. Tanini ikikutana na chuma tumboni hushikamana nacho, na kinachopatikana hakiyeyuki vizuri, kwa hiyo ukuta wa utumbo hauwezi kukipokea. Kinapita tu na kutoka chooni. Zamani watu walitengeneza wino mweusi wa kuandikia kwa kuchanganya tanini ya miti na fero salfeti, chumvi ileile iliyo kwenye kidonge chako. Sasa wewe kila asubuhi unachanganya wino, halafu tunashangaa damu haipandi.

Usidhani kuongeza maziwa kutakuokoa. Tanini inabaki, na maziwa yana kalsiamu ambayo nayo huzuia chuma. Chai ya kijani ni hivyohivyo. Kahawa pia, hata ile iliyotolewa kafeini, kwa sababu kafeini siyo yenye kosa hapa. Chai ikikolea, tatizo linazidi.

Sikukatazi chai. Najua nikikukataza utaacha vidonge kabla ya kuacha chai! Tuhamishe kidonge tu. Ukiamka, kimeze kwa glasi nzima ya maji kabla ya kula, kisha usubiri angalau saa moja ndipo unywe chai. Ikiwa umeshakunywa chai, subiri saa mbili ndipo umeze kidonge. Maji ya chungwa badala ya maji matupu yatakusaidia mara mbili: yanaficha ladha, na vitamini C iliyomo hurahisisha chuma kupita.

Kichefuchefu kikizidi, meza kidonge baada ya chakula kidogo. Utapoteza sehemu ya chuma, lakini ni afadhali kuliko kukitapika. Njia nyingine ni usiku, saa mbili au zaidi baada ya chakula na chai ya jioni. Ukichagua usiku, usilale papo hapo. Kaa wima kama nusu saa, kwani kidonge kikikwama kooni kinaunguza.

Jambo lingine: kwenye mkoba wako niliona vidonge vya kiungulia. Hivyo navyo hupunguza chuma kinachoingia, kwa hiyo usivimeze pamoja. Na kama kuna dawa nyingine nyumbani ambazo hukunionyesha, hasa za tezi ya shingo au antibayotiki, niambie kabla ya kuanza ratiba hii, maana chuma nacho huzizuia zisifanye kazi.

Choo kuwa cheusi ni kawaida kwa anayemeza chuma, usiogope. Lakini kikiwa kama lami, kinanata na kunuka vibaya, au ukisikia kizunguzungu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na usimeze viwili kwa pamoja ili kufidia miezi iliyopita. Vidonge vifungie mbali na wajukuu. Vinafanana na peremende, na mtoto mdogo akimeza vingi vinaweza kumuua.

Daktari wako nimeshamweleza kwa simu, kama ulivyoniruhusu, na amekubali uendelee na kidonge kimoja kwa siku. Anataka upime damu tena baada ya wiki nne. Kama chai ndiyo ilikuwa kikwazo, hapo tutaona tofauti. Kama hakuna, usikubali kuongezewa vidonge tu. Itabidi atafute damu inapotelea wapi, na hedhi yako nzito uliyonitajia ndiyo mahali pa kuanzia. Mweleze bila haya. Hata ikipanda hadi kiwango kizuri, usiviache. Kwa kawaida huendelea kama miezi mitatu zaidi ili akiba ya mwili ijae.

Pakiti mpya nimeiweka kando kwa jina lako. Ukija kuichukua, njoo na hivyo vidonge vya kiungulia tupange saa zake.

Wako,
Mfamasia wako wa dirisha la pili