Madai ya marejesho: kivuko, maegesho na nauli, Tanga, Machi 2025

Dada Mhasibu, shikamoo. Tiketi nimezibana kwa pini kufuata kazi.

Kupeleka vifaa Bweni: kivuko cha Pangani, gari kwenda na kurudi, tarehe 4 na 11. Tiketi 4, sh. 20,000.

Kutoa mzigo bandarini: maegesho mara 3, sh. 1,500. Mbili ni za tarehe 6. Ya tatu HAINA TAREHE: ilikaa kwenye kioo cha mbele, jua likala wino. Nadhani ni tarehe 13, ila sikuiandika juu yake.

Kikao Raskazone, tarehe 18: daladala sh. 1,200, bajaji ya kurudi sh. 3,000, kikaratasi cha dereva, HAKINA TAREHE. Mahudhurio ya kikao yanathibitisha.

Jumla sh. 25,700. Zenye tarehe sh. 22,200, zinazosubiri uamuzi wako sh. 3,500.